Mali kauli bila kukaukiwa: namna ya kupatana na muuzaji wa jumla kuhusu siku za kulipa na punguzo

Kabla sijafungua duka langu la rejareja hapa Kondele, nilifanya kazi ya karani wa madeni katika duka moja la jumla mjini Kisumu. Nilikaa nyuma ya dirisha lenye nondo, leja ya wateja ikiwa mbele yangu, nikiamua ni nani angepakiwa mzigo bila kulipa siku hiyo na ni nani angeambiwa arudi na pesa mkononi. Leo niko upande wa pili wa dirisha, nikiomba kile nilichokuwa nikiwanyima wengine, na ndiyo sababu ninaweza kulieleza jambo hili kutoka pande zote mbili.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka dogo anayetaka mali kauli, yaani kuchukua mzigo sasa na kuulipia baadaye, pamoja na punguzo kutoka kwa muuzaji wa jumla, bila kufika siku ambayo deni limeiva na droo ya pesa ni tupu. Nitatumia hesabu za duka langu mwenyewe, nikiwa nimezisawazisha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Wewe weka zako mahali pa zangu.

Hatua ya kwanza: jua kila bidhaa huchukua siku ngapi kurudi kuwa pesa

Wengi waliofika dirishani kwangu walianza na swali, "Mtanipa siku ngapi?" Karibu hakuna aliyejua alihitaji siku ngapi. Walichukua walizopewa, iwe ni saba au thelathini, kisha wakaanza kukimbizana nazo. Siku unazohitaji hazitoki kwa muuzaji, bali hutoka kwenye rafu zako, na kila bidhaa ina zake.

Chukua daftari, na kwa wiki tatu mfululizo, jioni ya siku ile ile, hesabu mali iliyopo ya aina chache zinazobeba duka. Iandike kwa bei uliyonunulia, si kwa bei unayouzia. Kisha tafuta wastani wa mali unayouza kwa siku, nao pia kwa bei ya kununulia. Ukigawanya thamani ya mali iliyopo kwa thamani ya mali inayouzwa kwa siku, unapata idadi ya siku ambazo bidhaa hiyo hukaa rafuni.

Dukani kwangu hesabu ilitoka hivi. Unga wa mahindi: mali iliyopo ni ya shilingi 9,600 kwa wastani, na kwa siku ninauza unga ulionigharimu shilingi 2,400, kwa hiyo unga hukaa siku 4. Sukari: iliyopo ni ya shilingi 12,000, ninauza ya shilingi 2,000 kwa siku, basi hukaa siku 6. Mafuta ya kupikia: shilingi 15,000 kwa mauzo ya shilingi 1,500 kwa siku, yaani siku 10. Sabuni za aina zote: shilingi 36,000 kwa mauzo ya shilingi 1,200 kwa siku, yaani mwezi mzima.

Hapo bado hujamaliza, kwa sababu kitu kilichotoka rafuni hakijawa pesa mpaka mteja alipe. Mimi huuza karibu sehemu moja kati ya tano ya mali yangu kwa majirani wanaoandikwa daftarini, na kwa wastani hao hulipa baada ya siku 15. Sehemu ya tano ya siku 15 ni siku 3, na siku hizo 3 naziongeza juu ya kila bidhaa. Kwa hiyo unga hurudi kuwa pesa baada ya siku 7, sukari 9, mafuta 13, na sabuni 33. Ikiwa huuzi kwa deni kabisa, ruka nyongeza hii. Lakini ninajua wenye maduka wachache sana Kondele, Manyatta au Nyalenda wanaoweza kusema hivyo wakiwa na uso mkavu.

Sasa tazama namba hizo zinasema nini. Muuzaji akikupa siku 14 kwa unga, pesa ya unga itakuwa imerudi mkononi mwako wiki nzima kabla ya deni kuiva. Akikupa siku 14 kwa sabuni, deni litaiva wakati zaidi ya nusu ya sabuni hizo bado hazijageuka kuwa pesa, na utazilipia kwa pesa ya unga na mkate. Hapo ndipo maduka mengi hukwama, na mwenyewe hulaumu biashara mbaya.

Hatua ya pili: ipime hesabu hiyo kwa mwezi mbaya

Usipatane kwa hesabu ya mwezi mzuri. Kila anayeuza rejareja magharibi mwa Kenya anaijua Januari, ambayo watu huiita Njaanuari kwa haki: mshahara wa Desemba umeliwa, karo inadaiwa, na mteja aliyekuwa akinunua pakiti ya kilo mbili anaomba apimiwe nusu.

Mimi nilichukulia kwamba mauzo yatashuka kwa theluthi moja huku mali rafuni ikibaki kiasi kile kile. Unga uliokaa siku 4 utakaa 6, na ukiongeza siku 3 za daftari unakuwa 9. Sukari inafika 12. Mafuta yanafika 18. Na kwa kweli hata zile siku 3 za daftari hurefuka Januari, kwa hiyo hesabu hii bado ina huruma.

Matokeo yake yalinibadilishia mpango. Katika mwezi wa kawaida, bidhaa tatu kati ya nne zinatoshea ndani ya siku 14. Katika mwezi mbaya zinabaki mbili tu, unga na sukari. Mafuta yanatoka nje. Niliamua kwamba nitaomba mali kauli ya siku 14 kwa unga na sukari peke yake, na mafuta nitaendelea kuyalipia taslimu mpaka nipate siku 21. Sabuni sikuiombea deni kabisa, nitakavyoeleza.

Kutokana na kipimo hicho hicho nilipata kikomo cha deni. Unga na sukari pamoja huuzwa shilingi 4,400 kwa siku katika mwezi wa kawaida, na karibu shilingi 2,930 katika mwezi mbaya. Kwa siku 14 za mwezi mbaya ni kama shilingi 41,000. Basi kikomo changu ni shilingi 40,000, hata muuzaji akinipa zaidi. Ninaposema hata akinipa zaidi ninamaanisha hivyo, kwa kuwa muuzaji anayekuona unalipa vizuri atakuongezea bila kuombwa, na kukupandishia deni hakumgharimu usingizi kama kunavyokugharimu wewe.

Hatua ya tatu: linganisha punguzo na siku, kwa shilingi

Muuzaji wangu alikuwa na kanuni rahisi: anayelipa mzigo unaposhushwa anapunguziwa asilimia 2, na anayekubaliwa deni analipa bei kamili baada ya siku 14. Asilimia 2 inaonekana ndogo, lakini ndiyo bei unayolipia siku 14. Ukiirudia mwaka mzima inazidi asilimia 50, gharama ambayo hakuna mtu angeikubali kama ingeandikwa hivyo kwenye karatasi ya mkopo. Kwa hiyo mwenye pesa iliyolala na achukue punguzo. Swali gumu ni la yule ambaye pesa yake haijalala.

Oda yangu ya wiki ya unga na sukari ni shilingi 30,800. Punguzo lake ni shilingi 616. Nikitaka kulipata kwa pesa ya kukopa, ninalinganisha shilingi kwa shilingi. Chama chetu cha wanawake hutoza asilimia 10 kwa mwezi, na hata nikirudisha baada ya wiki mbili ninatozwa mwezi mzima. Kwa shilingi 30,184 hiyo ni zaidi ya shilingi 3,000 ili niokoe 616. Chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi kingenigharimu kama shilingi 300, na hapo punguzo linashinda. Fuliza ya M-Pesa sitaki hata kuihesabu kwa kazi hii, kwa kuwa ada yake huhesabiwa kila siku na mzigo wa wiki hauishi kwa siku moja.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Mimi hununua mkate na maziwa kila asubuhi kwa shilingi 3,000 taslimu, na anayeleta mkate hajui lugha ya kesho. Asubuhi nikikosa mkate, mteja hapiti kuchukua sukari pia. Anaenda duka la jirani na kununua vyote huko. Kwa sababu hiyo nimejiwekea sakafu: shilingi 9,000 za mkate na maziwa ya siku tatu, pamoja na sehemu ya kodi ya pango iliyokwisha kukusanywa, haziguswi kwa ajili ya punguzo lolote. Kilicho juu ya sakafu ndicho kinachoweza kukimbilia asilimia 2.

Nilivyopatanisha mambo haya mawili ni kuigawanya oda. Kila wiki shilingi 20,000 zinaingia kwenye deni la siku 14, na shilingi 10,800 ninazilipa papo hapo na kupata punguzo la shilingi 216. Ankara mbili za shilingi 20,000 zinakuwa wazi kwa wakati mmoja, na hapo kikomo cha 40,000 kimetimia bila kuvukwa. Wauzaji wengi hudhani mteja ni lazima awe wa taslimu au wa deni. Hakuna kinachozuia awe wa vyote viwili katika oda moja, ila inabidi uwe wewe wa kulisema hilo, na uombe ankara mbili tofauti ili punguzo la moja lisichanganywe na deni la nyingine.

Sabuni, na ile katoni ya bure

Sasa turudi kwa sabuni, maana hapa ndipo punguzo hugeuka mtego.

Mwishoni mwa mwezi, mwuzaji anayezunguka na kitabu cha oda hulegea. Ana kiwango cha mauzo anachotakiwa kukifikisha, na zikibaki siku mbili atakuja dukani akitabasamu: nunua katoni kumi, upate moja bure. Ni kweli ni punguzo la karibu asilimia 9, na ni zuri kuliko lile la asilimia 2. Lakini mimi huuza katoni moja ya sabuni ya mche, ya shilingi 1,800, kwa siku sita. Katoni kumi na moja ni siku 66. Kama analeta kwa deni la siku 14, siku ya kulipa nitakuwa nimeuza katoni mbili na kidogo, nikiwa na kama shilingi 4,600 mkononi, faida ikiwemo, na yeye anadai 18,000. Tofauti ya shilingi 13,400 ni mkate na maziwa ya zaidi ya siku nne. Katoni ya bure imenunuliwa kwa rafu tupu.

Unaweza kuikataa ofa, lakini mara nyingi ni afadhali kuigeuza. Muulize kama atakupa nusu katoni kwa katoni tano. Muulize kama oda ya kumi inaweza kuandikwa leo kwa bei ya ofa na kuletwa kwa awamu tatu, kila awamu ikilipwa inapofika. Kiwango chake cha mwezi kimetimia, nawe hujabeba mlima. Au ungana na maduka mawili mnayoaminiana, ankara iandikwe kwa jina la mmoja anayelipa taslimu, mgawane katoni siku hiyo hiyo mbele ya gari. Njia hii ya tatu imevunja ujirani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo pesa zikusanywe kabla mzigo haujashushwa.

Na kwa bidhaa inayokwenda polepole, kuna jambo bora kuliko siku nyingi za kulipa, nalo ni kuletewa kidogo kidogo. Sabuni zangu zilikaa siku 30 kwa sababu muuzaji alikuwa na kiwango cha chini cha oda ya sabuni. Nilipomwomba kiwango hicho kihesabiwe kwa mzigo wote, sabuni zikisafiri na unga na sukari kila wiki, mali ya sabuni rafuni ilishuka kutoka shilingi 36,000 hadi 15,000. Shilingi 21,000 zilirudi kwenye droo, wala sikuingia deni la mtu.

Hatua ya nne: ombi lenyewe

Inafaa ujue anayekusikiliza anaogopa nini. Wauzaji wa jumla wa nchi hii wana kumbukumbu. Nakumatt, kampuni ya supamaketi ambayo jina lake lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2018 ikiwa na madeni makubwa ya wasambazaji, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifungwe. Ukubwa haukumpa muuzaji usalama wowote. Ndiyo maana kadi nzuri ya biashara na maneno matamu havimsogezi. Dirishani kwangu tulitazama mambo matatu: mteja ananunua mara ngapi, analipa bila kupigiwa simu au anasubiri apigiwe, na akipungukiwa anakuja mwenyewe au anazima simu.

Kwa hiyo usiende na ombi kabla hujanunua taslimu kwa muuzaji huyo mmoja kwa angalau miezi mitatu bila kuyumba. Beba ankara zako zote, taarifa ya mapokezi ya Lipa na M-Pesa ya duka, na leseni ya biashara ya kaunti. Piga jumla kabla ya kuondoka nyumbani. Yangu ilikuwa kama shilingi laki sita na nusu kwa miezi mitatu.

Nilimkuta mwenye duka la jumla saa nane mchana, wakati magari yamekwisha kuondoka. Asubuhi usijaribu, hata mimi nilikuwa nikikataa maombi ya asubuhi kwa sababu ya kelele tu.

"Mama, wewe ni mteja mzuri, lakini unga siuzi kwa deni," alisema kabla sijaketi. "Unga hauna faida ya kungoja."

"Sijaja kuomba unga wote, mzee. Tazama kwanza daftari." Nikalifungua kwenye ukurasa wa jumla. "Kila Jumanne kwa wiki kumi na tatu, taslimu. Ninaomba elfu ishirini ya kila oda ikae siku kumi na nne, inayobaki nalipa gari likishusha. Sitavuka elfu arobaini."

"Na ukivuka?"

"Usinipakie."

Alicheka, lakini ndilo jibu lililomfungua. Nilikuwa nimempa breki mkononi mwake. Ombi lenye kikomo, siku ya malipo na adhabu yake ndani ni rahisi kulikubali kuliko lile la "unifikirie tu." Akisita, usiongeze maelezo, punguza ombi. Mwambie mwanzo uwe mfumo wa lipa ya zamani uchukue mpya: mzigo wa wiki hii unalipwa mzigo wa wiki ijayo unapofika. Hizo ni siku 7, na kwa unga wangu zinatosha kabisa katika mwezi wa kawaida.

Jambo dogo lenye uzito: siku zinaanza kuhesabiwa lini? Ankara yangu ilikuwa ikichapishwa Ijumaa na mzigo kufika Jumanne, yaani siku nne nilizokuwa nikilipia bila kuwa na mali. Tulikubaliana zihesabiwe tangu tarehe ya kusaini hati ya kupokea mzigo. Tena chagua siku ya wiki ya kulipa kulingana na pesa yako inavyoingia. Hapa Kisumu, Jumapili ya soko la Kibuye huvuta watu wengi, na duka langu lililo kwenye njia yao huuza vizuri siku hiyo. Kulipa Jumanne kunanifaa. Kulipa Ijumaa kungeniumiza.

Muuzaji akidai hundi za tarehe ya mbele kama dhamana, kuwa mwangalifu. Hundi haijui kwamba mvua ilinyesha wiki nzima. Ikirudi, benki itakutoza, na jina lako litaandikwa kwa wino mwekundu katika leja kama ile niliyokuwa nikiishika. Mimi ningechagua kikomo kidogo bila hundi kuliko kikubwa chenye hundi.

Hatua ya tano: yaandike, na ulipe mahali panapostahili

Mapatano yangu yako kwenye ukurasa mmoja wenye muhuri wa duka la jumla: kikomo, siku na zinapoanzia, punguzo na sharti lake, muda wa kurudisha pakiti zilizopasuka au kulowana, na nambari ya malipo ya duka. Punguzo lionekane kwenye ankara yenyewe ya eTIMS ya mamlaka ya kodi, au litolewe hati ya kupunguza deni inayotaja namba ya ankara ile. Punguzo la mdomo husahauliwa na karani mpya. Katoni ya bure nayo iandikwe kwenye ankara kwa bei ya sifuri, la sivyo siku moja itageuka katoni ambayo hukulipia.

Kuhusu nambari ya malipo, nina kovu. Mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mwuzaji wa msambazaji mmoja shilingi 14,600 kwa simu yake binafsi, kwa kuwa alisema mtandao wa ofisi ulikuwa umelala na gari lilikuwa linangoja. Alinipa karatasi yenye saini. Wiki tatu baadaye alikuwa ameacha kazi, na leja ya ofisi ilionyesha bado ninadaiwa zote. Nililipa mara ya pili. Mimi, karani wa madeni! Tangu hapo pesa huenda kwenye nambari ya biashara peke yake, na kila mwisho wa mwezi ninaomba taarifa ya hesabu yangu na kuikagua mstari kwa mstari dhidi ya ujumbe wa M-Pesa.

Hatua ya sita: kipimo cha Jumamosi jioni

Mali kauli ina udanganyifu mmoja: huijaza droo. Tuseme ningechukua oda zote za unga na sukari kwa siku 14 katika mwezi wa kawaida. Deni lingekuwa shilingi 61,600. Rafuni pangekuwa na unga na sukari ya shilingi 21,600, na kwenye daftari la majirani shilingi 13,200. Jumla ni 34,800. Zile 26,800 zinazobaki zingekuwa wapi? Zingekuwa kwenye droo, zikifanana kabisa na faida. Mtu akizitazama anaona karo, anaona mabati, anaona harusi ya mpwa. Ni pesa za muuzaji.

Kwa kikomo changu cha 40,000, pesa ya muuzaji inayopaswa kuwa kwenye droo ni 5,200 tu, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipenda kikomo kidogo. Kila Jumamosi jioni ninajumlisha mambo matatu: unga na sukari iliyopo kwa bei ya kununulia, madeni ya daftari ninayoamini yatalipwa, na pesa niliyotenga. Jumla ikiwa chini ya deni, kuna kitu kimekwisha kuliwa, hata kama rafu zimejaa. Katika wiki hiyo hiyo ninapunguza oda ya deni kwa kiasi cha upungufu, kabla muuzaji hajajua lolote. Dalili nyingine ni kujikuta unamlipa muuzaji wa kwanza kwa mauzo ya mali ya muuzaji wa pili, au unachukua mzigo usiouhitaji ili tu deni la zamani lisogezwe. Ukifika hapo, rudi kwenye taslimu kwa mwezi mmoja, hata rafu zikipungua.

Na ukiona hutafikisha malipo, nenda siku mbili kabla, si siku mbili baada. Beba sehemu ya pesa, hata theluthi, na tarehe ya zilizobaki. Aliyekuja kwangu Jumapili kuhusu deni la Jumanne niliandika "amesogezwa" mbele ya jina lake. Aliyekuja Alhamisi niliandika "amechelewa." Malipo ya wote wawili yaliingia siku moja, lakini mwezi uliofuata ni mmoja tu aliyepakiwa.

Kupatana kwa ajili ya Januari

Masharti ya Januari huombwa Novemba, wakati muuzaji anawaza jinsi atakavyouza Desemba. Katika Desemba mimi huwa na pesa, kwa kuwa watu wa Nairobi wamekuja nyumbani na mauzo yanapanda. Basi mwaka jana nilimwendea mzee tena saa nane mchana, nikamwambia kwamba Desemba yote nitalipa taslimu, oda zote, mafuta yakiwemo, wala sitatumia hata shilingi ya kikomo changu. Nilichotaka kwa kubadilishana ni siku 21 badala ya 14 kuanzia wiki ya kwanza ya Januari mpaka mwisho wa Februari, kikomo kikibaki 40,000. Kwa siku 21, mafuta yangu yenye siku 18 za mwezi mbaya yanaweza kuingia kwenye deni bila kunikaba. Ninachofanya ni kupunguza sukari inayokopwa ili yapate nafasi chini ya kikomo kile kile.

Aliuliza kwa nini sikuomba kikomo kipandishwe, kama walivyofanya wengine wote waliokuja wiki hiyo. Nikamwambia kwamba Januari nitauza kidogo, nitadaiwaje zaidi? Alimwita karani, na karani akaandika "siku 21, Jan–Feb" kwa kalamu ya risasi kando ya jina langu. Nilimwomba aandike kwa wino.